Filamu Yangu Haina Mwisho, na Kosa Si la Kamera

Filamu yangu ya kwanza haina mwisho. Si kwamba niliiandika hivyo. Kwenye skripti, msichana anapanda juu ya ploti wanayoishi, anaanua yunifomu yake kwenye kamba jua likizama, halafu anaamua kama Jumatatu atarudi shule au la. Kwenye filamu yenyewe anafungua tu mlango wa ngazi, kioo kinakuwa cheusi, na majina yanaanza kupanda. Kuna watu walinipongeza eti nimeiacha stori wazi. Manze, hiyo haikuwa sanaa. Jua lilizama tukiwa bado jikoni tunabishana kuhusu sufuria.

Siku hiyo nilikuwa dairekta, na pia mimi ndiye nilikuwa naangalia saa. Yaani hakuna aliyekuwa anaangalia saa. Dairekta akipenda shoti, dakika 20 kwake ni kama dakika mbili. Nilikuja kushtuka wakati mtu wa taa aliniuliza kama juu pia tutahitaji taa, na nilipochungulia dirishani nikaona ploti ya jirani imeshawasha balbu.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na najua kuna wasee watapinga: hata mkiwa watu wanane tu kwenye seti, mmoja wenu awe msaidizi wa dairekta, yule tunamwita ei-dii, na asipewe kazi nyingine yoyote. Hata kama itabidi dairekta mwenyewe abebe stendi za taa.

Shida ni kwamba huku kwetu jina linadanganya. Ukisikia "msaidizi wa dairekta" unadhani ni yule wa kutumwa soda, ama ni dairekta mdogo anayengoja zamu yake. Hapana. Dairekta anaangalia kile kilicho ndani ya fremu. Ei-dii anaangalia kila kitu kilicho nje ya fremu: nani yuko tayari, nani anahitaji dakika ngapi, nini kinafuata, jua liko wapi, na waya gani inaweza kumwangusha mtu. Hatoi maoni kuhusu uigizaji. Kazi yake ni kuhakikisha dairekta anapata nafasi ya kuutazama huo uigizaji.

Nilikuja kuielewa hiyo kazi mwaka uliofuata, wakati rafiki yangu aliniomba niwe ei-dii wake kwenye filamu fupi ya siku moja. Nikafungua skripti, na kumbe yake pia inaishia juu ya ploti jua likizama. Nairobi ni kama kila filamu fupi lazima ipande juu ya ploti. Nikajiambia, hii haitanipita mara mbili. Wacha niwaeleze siku hiyo ilivyopangwa na ilivyoenda, kwa sababu haikuenda kama tulivyoipanga, na hapo ndipo kuna somo.

Skripti ilikuwa na sini nne. Jikoni asubuhi, mama na binti wanazozana. Ngazi, binti anapanda bila kusema neno. Sebuleni, mama, binti na mjomba. Halafu juu ya ploti. Tulikubaliana na dairekta shoti 15 kwa jumla: tano jikoni, mbili kwenye ngazi, tano sebuleni, tatu juu. Krua saa moja asubuhi, kumaliza saa moja usiku ili kila mtu apate matatu ya kurudi nyumbani wakati nauli bado haijapanda na barabara bado ina watu.

Kosa ambalo wengi tunafanya ni kuanza kupanga siku kutoka asubuhi: sini ya kwanza, halafu ya pili, twende tu. Ei-dii anaanza na kile ambacho hakiwezi kusogezwa, kisha anarudi nyuma. Kwetu hicho kilikuwa jua. Simu ilisema litazama saa kumi na mbili na dakika 35. Nairobi tuko karibu sana na ikweta, kwa hivyo saa hiyo hubadilika kwa takriban nusu saa tu mwaka mzima, na likishazama giza halibembelezi. Una kama dakika 20 basi.

Lakini simu haijui jirani yako amejenga ghorofa ngapi. Jumamosi moja kabla ya kushuti, nilienda kusimama juu ya ile ploti jioni. Saa kumi na mbili na dakika 10, jua likaingia nyuma ya ploti ya upande wa pili na kivuli kikafunika kamba zote za nguo. Kwa hivyo jua letu lilikuwa linazama dakika 25 kabla ya lile la simu. Kama singeenda, tungepanga shoti ya mwisho kwenye mwanga ambao haupo. Ndiyo maana lokesheni huendewa kwa saa ileile mtakayoshuti, na ikiwezekana siku ileile ya wiki. Ukienda Jumanne asubuhi umeona nyumba, hujaiona Jumamosi jioni.

Jumamosi hiyo nilikaa pale kuanzia asubuhi na nikasikia mambo mengine. Chini ya dirisha la sebule kuna fundi wa kuchomelea milango, na anaanza kazi saa tatu. Jikoni humsikii, sebuleni unamsikia kama yuko kwenye kochi. Msikiti uko karibu, na adhana ya mchana inaita karibu saa sita na nusu. Sikuona haja ya kumnyamazisha mtu siku nzima. Sini ya ngazi haina maneno, kwa hivyo ikawekwa saa ya adhana. Fundi nikaenda kumsalimia, nikamweleza, tukapatana: nikisimama baroza na kuinua kitambaa chekundu, anapumzisha mashine. Nikikishusha, anaendelea. Kila teki ilikuwa dakika mbili au tatu tu, kwa hivyo hakupoteza kazi yake. Na chakula cha mchana alikula na sisi kama mtu wa krua, kwa sababu siku hiyo alikuwa mtu wa krua.

Kutoka hapo siku ikajipanga yenyewe. Juu ya ploti, shoti tatu, kila moja dakika 20: kuanzia saa kumi na moja na dakika 10 hadi saa kumi na mbili na dakika 10. Kupandisha vitu na kufanya mazoezi, dakika 40, kwa hivyo sebule lazima iishe saa kumi na nusu. Chakula saa saba, kwa sababu watu wameingia saa moja, na ukiwapitisha saa sita bila kula wataanza kukosea vitu vidogo na utalipa hizo dakika jioni. Ngazi kuanzia saa sita kasorobo. Jikoni kuanzia saa mbili na nusu hadi saa tano na nusu, shoti tano, kila moja dakika 36. Mjomba yuko sebuleni peke yake, kwa hivyo karatasi ya wito ikamwambia aje saa sita na nusu, ale, apakwe poda, aingie. Kumuita mtu saa moja asubuhi halafu umtumie saa nane ni kumdharau, na hata uso wake utaonekana umechoka.

Hiyo karatasi ya wito nayo msiifanye kitabu. Ukurasa mmoja: anwani na mahali pa kushukia matatu, kila mtu na saa yake, sini kwa mpangilio, saa ya chakula, namba ya simu ya ei-dii, na hospitali iliyo karibu. Itume kwenye WhatsApp jioni ya kuamkia siku ya kazi, na ungoje kila mtu ajibu kwa jina lake. Zile alama za buluu si jibu.

Sasa, siku yenyewe.

Saa mbili na dakika 20 tulikuwa tayari kabisa. Taa zimewekwa, mama yuko kwenye alama yake. Dairekta akaingia jikoni, akaona mwanga wa asubuhi umeanguka kwenye ukuta wa pili, ule wenye rafu ya vikombe, na akasema, "Msee, hebu tugeuze kamera." Ulikuwa mwanga mzuri, siwezi kudanganya. Nikasema poa. Kugeuza kamera kulimaanisha taa mbili zihame, ndoo za maji zitolewe, friji iingie kwenye fremu, na mama abadilishe njia ya kutembea. Shoti ya kwanza tuliipiga saa tatu na dakika 20 badala ya saa mbili na nusu. Dakika 50 zimeenda.

Hilo kosa lilikuwa langu, si la dairekta. Kazi ya dairekta ni kuona ukuta mzuri. Kazi yangu ilikuwa kusema bei kabla hajanunua: "Tukigeuza ni dakika 50, na hizo dakika 50 zinatoka wapi?" Pengine bado angegeuza. Lakini angegeuza akijua.

Saa nne, baada ya shoti ya kwanza, nikamvuta kando. Hii ndiyo sehemu ngumu ya kazi, na ndiyo sehemu ambayo wengi wanaikosea kwa njia mbili. Kuna ei-dii anayepiga kelele, "Tumechelewa! Tumechelewa!" Krua nzima inaingiwa na wasiwasi, waigizaji wanakosea mistari, na mnachelewa zaidi. Na kuna yule anayenyamaza akitumaini mambo yatajipa, halafu saa kumi na moja jioni ndiyo anatoa habari, wakati hakuna tena cha kuchagua. Kuchelewa kwa asubuhi kunarekebishika kwa sababu shoti nyingi bado ziko mbele yako. Jioni umebaki na zile za maana tu.

Nilimwambia kwa sauti ya chini: "Tuko nyuma dakika 50. Tukienda hivi tutaanza juu saa kumi na mbili, na saa kumi na mbili na dakika 10 jua halipo. Kwa hivyo mwisho wako utakuwa na shoti moja ya haraka haraka. Unaweza kuacha nini hapa chini?"

Angalieni, sikumwambia aache nini. Filamu si yangu. Lakini sikumuuliza mikono mitupu pia. Nilikuwa na orodha, na nilikuwa nimeweka alama kwenye shoti ambazo zinaweza kupigwa siku nyingine bila mtu yeyote kujua. Shoti ya tano ya jikoni ilikuwa sufuria ya maziwa ikifurika. Haina mwigizaji, haina sauti, haina jua. Unaweza kuipiga wiki ijayo kwenye jiko lolote ukiwa na taa moja na paketi ya maziwa. Na kwenye ngazi, shoti ya pili ilikuwa miguu tu, ambayo ile ya kwanza ilikuwa imeionyesha tayari. Alikuna kichwa, akaziacha zote mbili. Dakika 36 na dakika 30, jumla 66.

Kanuni ninayoitumia tangu siku hiyo ni hiyo. Muda ukikaza, usikate kile ambacho ni kigumu, kata kile ambacho kinaweza kurudiwa. Mwanga wa jioni, mwigizaji anayesafiri kesho, nyumba ya kukodi: hivyo havirudi. Sufuria inarudi.

Shoti ya tatu ikatula dakika 19 zaidi, kwa sababu mama alikuwa anakwama kwenye mstari mmoja. Hapo sikusema kitu. Mwigizaji anayetafuta mstari wake hahitaji kusikia saa. Tulimaliza ngazi saa saba kasoro dakika 12, dakika tatu tu nyuma ya mpango, na watu wakaenda kula.

Kitu kingine kilichotuokoa ni mpangilio wa kila shoti, na huu haugharimu chochote. Kwanza waigizaji wanatembea sini mbele ya dairekta na kameraman, watu wote wanaona nani anasimama wapi, tunaweka vipande vya tepu sakafuni. Kisha waigizaji wanaondoka kwenda mekapu, na watu wa taa na kamera wanapata chumba chao. Kisha mazoezi moja na kila kitu kikiwa tayari. Kisha tunashuti. Seti nyingi ndogo huweka taa kwanza halafu ndiyo waigizaji wanaingia, na hapo mama anakaa kiti kingine, taa zinahamishwa upya, na nusu saa imekwenda bila mtu kujua imeenda wapi.

Na ukiuliza watu, usiulize "Uko tayari?" Kila mtu atakuambia "Karibu." Karibu si namba. Uliza, "Dakika ngapi?" Akisema 10, rudi kwake baada ya dakika nane. Mtu wa taa akisema 15 na mekapu ikahitaji 15, zinafanyika pamoja, umelipa 15 badala ya 30.

Sasa tuje kwenye kuita seti, kwa sababu watu wanadhani ni kelele za sinema. Kwetu ilikuwa hivi. Naanza na onyo kwa wote: "Hii ni teki, si mazoezi." Mtu wa sauti anazima friji, na anaweka funguo za gari au za nyumba yake ndani ya friji, ili asiweze kuondoka bila kukumbuka kuiwasha tena. Simu zote ziko kimya. Nikienda baroza, naonyesha kitambaa chekundu. Kisha naita, "Kimya seti!" Kuanzia hapo hakuna anayetembea. "Roli saundi!" Mtu wa sauti anajibu, "Spidi." "Roli kamera!" Kameraman anajibu, "Inaroli." Mwenye kibao anasoma namba ya sini, shoti na teki, anakipiga, anatoka. Kisha mimi nanyamaza, na dairekta peke yake ndiye anasema "Aksheni."

Sauti hutangulia kwa sababu ya mazoea ya enzi za filamu za ukanda: ukanda wa picha ulikuwa ghali, kwa hivyo kamera ilikuwa ya mwisho kuwashwa. Leo kadi haina gharama hiyo, lakini mpangilio bado una maana. Kila mtu anajibu kwa sauti, kwa hivyo huwezi kufika kwenye aksheni huku bumu haijawashwa. Mimi nishawahi kurekodi teki nzuri kuliko zote bila sauti, kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake amebonyeza. Jibu la "Spidi" ndilo linazuia hiyo.

"Kata" pia ni la dairekta. Baada ya kata watu hupenda kuanza kuongea wote mara moja, na hapo ndipo dakika huvuja. Namuuliza dairekta kitu kimoja: "Tena, au tunasonga?" Akisema tunasonga, nauliza kamera kama iko safi, nauliza sauti kama iko safi, na wakijibu wote wawili ndipo natangaza: "Tunasonga. Shoti inayofuata ni mjomba, upande wa dirisha." Hakuna mtu anayegusa taa kabla ya hilo tangazo. Ukiruhusu watu waanze kung'oa wakati dairekta bado anafikiria, utalipa kurudisha.

Kuna wakati mmoja tu ei-dii anaweza kusema kata bila kuulizwa, nao ni hatari. Na hapa sitanii. Mwezi wa Oktoba 2021, kwenye seti ya filamu ya *Rust* huko New Mexico, Marekani, bastola ilitangazwa kuwa salama kabla ya mazoezi. Ndani yake kulikuwa na risasi ya kweli, na mpiga picha mkuu, Halyna Hutchins, alikufa. Msaidizi wa kwanza wa dairekta, Dave Halls, mwaka 2023 hakupinga shtaka la uzembe kuhusu silaha hiyo. Hakuwa peke yake kwenye lawama. Lakini neno likitangazwa kwenye seti, watu huacha kuangalia wenyewe. Wanakuamini. Kwa hivyo usitangaze kitu ambacho hujakiona kwa macho yako.

Sisi hatukuwa na bastola. Tulikuwa na ukuta wa juu ya ploti unaofika magotini.

Sebule iliisha saa kumi na dakika 40, dakika 10 nyuma. Kabla ya shoti yake ya mwisho nilikuwa nimeshatangaza, "Hii, halafu tunapanda," ili watu waanze kupandisha vitu ambavyo havitumiki. Marekani, shoti ya pili kutoka mwisho bado huitwa Abby Singer, jina la msaidizi wa dairekta wa Hollywood ambaye miaka ya 1950 alikuwa na hiyo tabia ya kuonya krua mapema kabla ya kuhama. Yaani mtu amekumbukwa kwa kuwaambia watu kinachofuata.

Juu, tulipiga shoti pana kwanza, ile yenye kamba zote na jua lenyewe, kwa sababu hiyo haiwezi kuigizwa. Uso wa binti tuliuweka mwisho. Uso wa karibu unaweza kuumulika kwa taa ndogo yenye karatasi ya rangi ya chungwa hata jua likiwa limeshaingia nyuma ya ploti ya jirani, na hakuna atakayejua. Ukianza na uso kwa sababu ni mtamu, utabaki na shoti pana gizani.

Shoti pana ilikuwa imetoka vizuri, lakini dairekta akataka nyingine, binti akiwa karibu zaidi na ukingo. Upepo ulikuwa unavuta shuka zile kubwa. Nikamwambia, "Hapo hapana." Akaniangalia vibaya. Nikamwambia hatua tatu kutoka ukutani, nimeshaweka tepu, na kamera ikishuka chini kidogo itaonekana yuko pembeni kabisa. Alinuna kama dakika moja. Halafu akashusha kamera, na ikawa kweli.

Najua kuna msee anasoma hii akisema, sisi tuko watu watano, hatuna wa kukaa tu na saa. Nakubali, mkiwa wawili au watatu mnashuti vitu vya simu, hii ni mzigo. Lakini mkishakuwa na waigizaji wa kuita, na mahali ambapo mtatoka saa fulani mtake msitake, mtu wa sita anayebeba waya hatawarudishia saa moja. Ei-dii mmoja siku ile alirudisha dakika 66 kwa kuuliza swali moja saa nne asubuhi. Na kama hamna pesa za kumlipa, badilishaneni: leo wewe kwa filamu yangu, mwezi ujao mimi kwa yako. Sharti ni moja, siku hiyo asiguse kamera, asiandike skripti upya, asitumwe dukani.

Saa kumi na mbili na dakika 14, jua likiwa limeshaingia nyuma ya ile ploti, tulipiga uso wa binti, teki ya pili. Dairekta akasema kata, kisha akakaa kimya muda mrefu. Nikamuuliza, "Tena, au tunasonga?" Akasema tunasonga. Kamera safi. Sauti safi. Nikatangaza kwamba siku imeisha, fundi akatupigia makofi kutoka chini, na kabla ya saa moja watu walikuwa wanashuka ngazi na mifuko.

Mtu wa sauti ndiye aliyerudi mbio. Funguo zake zilikuwa bado kwenye friji.